Mume ataka hisa, mimi nataka hatifungani: tuandikeje sera ya familia?

Swali

Nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa serikali, nina miaka 40. Mume wangu ana 44 na ni wakala wa kutoa mizigo bandarini. Tunaishi Kisauni na watoto watatu. Mkubwa yuko Gredi ya 8 mwaka huu wa 2026. Kwa jumla tuna shilingi milioni mbili: 640,000 ni akiba ya SACCO, 310,000 ziko kwenye mfuko wa soko la fedha, MMF, 450,000 ni hatifungani ya miundombinu tuliyonunua Februari 2024 kwa riba ya asilimia 18.46, inaiva Agosti 2032. Nyingine 600,000 ni hisa za soko la Nairobi, NSE, na kati ya hizo 420,000 ni Safaricom, zilizobaki ni za benki mbili. Nyumba inakula 85,000 kwa mwezi na tunabakisha 30,000.

Hatuna msimamo. Bei zikipanda mume anataka kuongeza hisa, zikishuka mimi nasema tuuze. 2023 tuliuza kwa hasara, kisha tukanunua tena ghali. Sasa kaka yake anaomba 300,000 anunue gari la teksi. Nimesikia kuwa familia inaweza kuandika sera ya uwekezaji ya ukurasa mmoja. Inaandikwaje, na inasema nini soko likianguka?

*Mama wa Watatu, Kisauni*

Jibu

Dada, kabla hamjaandika sentensi hata moja, kaeni mezani mgawe pesa zenu kwa tarehe zitakapotumika. Msizigawe kwa jina la mahali zilipo. Ugomvi wa hisa na hatifungani huzuka kwa sababu kila mmoja anatazama rundo zima akiwa na tarehe yake kichwani: wewe unaona karo, yeye anaona uzeeni. Mkishaweka tarehe, mtagundua kwamba nyote wawili mna haki, ila kila mmoja kwa fungu lake.

Fungu la kwanza ni la dharura, halina tarehe. Mshahara wako unaingia kila mwezi, lakini pato la wakala hupanda na kushuka na meli. Nyumba yenye mishahara miwili ya uhakika inaweza kutosheka na matumizi ya miezi mitatu. Nyinyi wekeni minne, yaani 340,000. MMF yenu imepungukiwa 30,000 tu, kwa hiyo akiba ya mwezi ujao iende huko yote. Ulizeni pia mfuko wenu unachukua siku ngapi za kazi kutoa pesa. Kama ni siku tatu au nne, wekeni kiasi kidogo kwenye akaunti ya kawaida, maana hospitali haingoji Jumatatu.

Fungu la pili ni la chuo. Mtoto wa Gredi ya 8 leo anamaliza Gredi ya 12 mwisho wa 2030, na kuingia chuoni 2031. Watu wengi huandika "karo ya chuo, 2031" kana kwamba ni siku moja. Ni miaka minne ya malipo, kuanzia 2031 hadi 2034, na jambo hili linabadilisha hesabu. Tuseme mnakadiria 600,000 kwa miaka yote minne kwa bei za leo. Nyinyi wekeni kiasi chenu. Bei zikipanda asilimia 7 kwa mwaka, baada ya miaka mitano hizo zinakuwa kama 840,000, yaani 210,000 kwa kila mwaka wa masomo.

Sasa tazameni hatifungani yenu. Inawalipa karibu 41,500 kila Februari na kila Agosti, na riba ya hatifungani za miundombinu haikatwi kodi. Malipo kumi yajayo ni kama 415,000. Ukijumlisha na mtaji wa 450,000 unapata 865,000, hata kabla ya kuhesabu faida ya kuziwekeza tena hizo riba. Maana yake ni kwamba karatasi moja mliyo nayo tayari inabeba karo yote ya mkubwa, mradi riba yake isiliwe. Mkitumia riba kununulia sare na kulipia umeme, mnabaki na 450,000 na pengo la karibu 400,000.

Kuna kasoro moja ya tarehe: inaiva Agosti 2032, na karo ya kwanza inatakiwa 2031. Hilo halina tatizo mkijua mapema. Mwaka wa kwanza ulipwe na riba mlizokusanya, na mtaji ulipe kuanzia mwaka wa pili. Jambo la kukagua wiki hii ni prospekta yake, yaani karatasi ya masharti ya toleo, kwa sababu hatifungani nyingi za miundombinu hurudisha mtaji kwa mafungu kabla ya mwaka wa mwisho. Kama yenu ni ya namna hiyo, andikeni kila tarehe na kiasi chake kwenye sera. Mtaji ukirudi bila kutarajiwa, nusu ya familia huuona kama bonasi, na ndipo magari ya teksi hununuliwa. Mtaji unaorudi mapema uende kwenye hati za hazina za siku 364 au hatifungani inayoiva kabla ya 2031. Kumbukeni pia kwamba ukirudi, riba zinazofuata zitapungua kwa kiasi hichohicho.

Fungu la tatu ni la uzeeni, 2042, mume akifika miaka 60. Hapa ndipo hisa zilipo mahali pake, pamoja na akiba ya SACCO. Jumla ni 1,240,000. Pensheni yako ya ualimu msiichanganye humu. Ni yako, na haiuziki.

Karo za watoto wa shule kwa sasa zilipwe na mishahara. Msiziandikie fungu.

Kikomo cha hasara kiandikwe kwa shilingi

Sera nyingi huandika "tunavumilia hatari ya wastani". Maneno hayo hayamzuii mtu kufanya lolote. Andikeni shilingi.

Kipimo cha haki kwa soko letu ni kuchukulia kwamba hisa zitapoteza nusu ya thamani. Hili si jambo la kutishana tu. Fahirisi ya NSE 20, kipimo cha bei za hisa za kampuni 20 za soko letu, ilikuwa juu ya 5,000 katikati ya 2008, na Machi 2009 ikawa chini ya 2,500. Safaricom ilipita shilingi 40 mwaka 2021, na mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15, huku kampuni ikiendelea kupata faida na kulipa gawio. Kwa hiyo hisa zenu za 600,000 zinaweza kuwa 300,000 bila kampuni yoyote kufilisika. Hiyo ni akiba yenu ya miezi kumi.

Kila mmoja aandike peke yake, bila kuchungulia cha mwenzake, ni kiasi gani anaweza kukiona kimepungua kwenye taarifa ya hisa na bado akalala. Kisha chukueni kiasi kidogo kati ya hivyo viwili. Msikate katikati, kwa sababu anayeogopa zaidi ndiye atakayeshinikiza kuuza siku mbaya, na uoga wake ndio unaoweka kikomo halisi cha nyumba. Tuseme wewe umeandika 250,000 na mume 400,000. Kikomo ni 250,000, basi hisa zisizidi maradufu yake, 500,000. Kwenye fungu la uzeeni la 1,240,000 hiyo ni asilimia 40. Lengo la asilimia 40 limetoka kwenye usingizi wenu, halikutoka kwenye kitabu cha mtu.

Leo mko kwenye asilimia 48. Lakini hilo si kubwa kuliko lingine: asilimia 70 ya hisa zenu ni kampuni moja, na kampuni hiyo ni asilimia 21 ya kila mlicho nacho. Ubora wa kampuni hauondoi hatari hii. Kikomo kinachofaa kwa familia ya ukubwa wenu ni asilimia 10 ya mali yote ya uwekezaji kwa kampuni yoyote, yaani 200,000 kwa sasa.

Kikomo cha tatu ndicho husahaulika zaidi, nacho ni udhamini wa SACCO. Akiba ya SACCO huonekana kama pesa ya karibu, lakini haitoki mpaka mwanachama ajitoe, kwa kawaida kwa notisi ya siku 60, na haitoki kama imefungwa na mkopo wa mtu uliyemdhamini. Aliyedhaminiwa asipolipa, ni akiba ya mdhamini inayokatwa. Ombeni taarifa ya udhamini ofisini kwao, kila mmoja ya kwake, mjue ni kiasi gani kimefungwa. Wapo wanandoa wanaojua bei ya kila hisa lakini hawajui kwamba theluthi ya akiba yao iko mikononi mwa wafanyakazi wenzao watatu. Andikeni kwamba jumla ya udhamini isizidi 100,000, na kila fomu isainiwe baada ya wote wawili kukubali. Iliyozidi leo iishe yenyewe kadiri mikopo inavyolipwa, bila kuongeza mpya. Pia, msiongeze akiba mpya kwenye SACCO kwa sasa. Tayari ni karibu theluthi ya mali yenu, na kinga ya KDIC, shirika la bima ya amana, ya shilingi 500,000 ni ya wenye amana za benki, haigusi SACCO wala MMF.

Kurudisha mizani

Wekeni siku mbili kwa mwaka za kukagua: Jumamosi ya kwanza baada ya riba ya hatifungani kuingia Februari, na nyingine Agosti. Siku hizo zimeshajipanga zenyewe na hamtazisahau. Kati ya siku hizo, bei ya hisa isiwe hoja ya kujadiliwa nyumbani. Kuitazama kwenye simu ruhusa, kuifanyia uamuzi hapana.

Siku ya ukaguzi mnafanya hesabu moja: thamani ya hisa gawanya kwa jumla ya fungu la uzeeni. Jibu likiwa kati ya asilimia 35 na 45, hamfanyi chochote. Akiba ya mwezi inagawanywa 40 kwa 60: asilimia 40 kwenye hisa, 60 upande wa riba, yaani hatifungani na akiba nyingine zisizo hisa. Likizidi 45, akiba mpya yote inakwenda upande wa riba mpaka hesabu irudi 40. Likishuka chini ya 35, akiba mpya yote inakwenda kwenye hisa mpaka irudi 40. Hakuna kuuza. Kuuza na kununua hisa NSE kwa mwekezaji mdogo hukaribia asilimia 2 kila upande ukijumlisha kamisheni ya broka na ada nyingine, hivyo anayezungusha pesa mara mbili kwa mwaka anakula gawio lake mwenyewe. Ukanda wa pointi tano kila upande upo kwa sababu hiyo. Ukanda mwembamba zaidi utawafanya mhangaike kila ukaguzi, na mpana zaidi, tuseme 30 hadi 50, ungewaambia leo kwamba kila kitu kiko sawa wakati mmeshavuka kikomo mlichojiwekea.

Upande wa riba kuna suala la kiwango cha chini. Hatifungani ya kawaida kwenye DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kuzinunulia, huanzia 50,000 na ya miundombinu 100,000, na akiba yenu ni 30,000. Kwa hiyo zikusanyike kwanza kwenye MMF, lakini katika akaunti ya pili, tofauti na ya dharura. Zikikaa pamoja, baada ya miezi sita hakuna atakayejua zipi ni za nini. Kwenye mnada jazeni ombi lisilo la ushindani, ambapo mnapokea wastani wa riba ya mnada bila kubahatisha kiwango.

Kikomo cha kampuni moja ndicho pekee kinachodai kuuza, na kwenu kinauma kwa sababu ni 220,000. Msiuze siku moja. Uzeni kwa mafungu manne ya 55,000, kila miezi mitatu, tarehe iliyoandikwa leo, bei iwe imepanda au imeshuka. Mkisema "tungoje ifike 40 tena", mmeshaacha sera na kurudi kwenye kubashiri. Nusu ya kila fungu iende upande wa riba, na nusu inunue hisa za kampuni nyingine au vipande vya mfuko wa hisa. Mkimaliza, na kama bei hazijasogea, Safaricom ni 200,000, hisa zote ni 490,000, na upande wa riba ni 750,000. Hiyo ni asilimia 39.5. Mauzo hayo yanawarudisha ndani ya vikomo viwili kwa pamoja, kwa gharama isiyofika 7,000.

Hapo mume ataona kitu ambacho pengine hakukitarajia: sera haikumkataza hisa. Imemwambia anunue nyingine.

Soko likianguka

Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na siku hiyohiyo NSE ilisimamisha biashara baada ya fahirisi ya NSE 20 kushuka zaidi ya asilimia 5. Siku kama hiyo hakuna anayefungua kitabu cha uwekezaji. Kinachosaidia ni sentensi fupi zilizoandikwa zamani na kusainiwa na wote wawili.

Kwanza wekeni tafsiri ya anguko, la sivyo kila mmoja atakuwa na yake. Anguko ni hisa zenu zote kwa pamoja kushuka asilimia 20 au zaidi tangu ukaguzi uliopita. Kushuka kwa asilimia 8 ni wiki ya kawaida mbaya.

Likitokea, hakuna kuuza kwa siku 30. Akiba ya kila mwezi inaendelea kama kawaida. Fungu la dharura, riba za hatifungani na mkopo wa SACCO havinunui hisa, hata bei iwe tamu vipi. Sentensi hii ya mwisho ni ya kumzuia mume kama ile ya kwanza ilivyo ya kukuzuia wewe. Mwenye ujasiri akikopa SACCO kununua hisa zilizoporomoka huanza kulipa mkopo mwezi unaofuata, wakati hisa zinaweza kuchukua miaka kurudi.

Tuone kwa tarakimu. Tuseme mko kwenye 490,000 za hisa na 750,000 za riba, na hisa zinapoteza nusu. Hisa zinabaki 245,000 na fungu zima 995,000, yaani asilimia 24.6. Mko chini ya 35, kwa hiyo kuanzia siku ya ukaguzi 30,000 zote za kila mwezi zinanunua hisa. Bei zikikaa hapohapo, mtahitaji kama miezi minane na nusu kurudi kwenye 40. Hasara kwenye karatasi ni 245,000, na ulishasema kwa kalamu yako kwamba 250,000 unaiweza. Mnanunua polepole kwa pesa mpya, bila kuuza hatifungani na bila kuwa na haja ya kujua soko litageuka lini.

Lakini nyumba yenu ina tundu moja. Dunia ikisimama, meli nazo hupungua, na pato la wakala linashuka wiki zilezile hisa zinaposhuka. Zile 30,000 zinaweza zisipatikane. Ndiyo maana sera iseme: pato la nyumba likipungua chini ya matumizi, manunuzi yote yanasimama na fungu la dharura linaanza kutumika, na hakuna anayelaumiwa kwa kukosa kununua kwa bei ya chini. Mkishalitumia, pesa ya kwanza kupatikana inalijaza kabla ya kurudi sokoni.

Tofautisheni pia anguko la soko na ugonjwa wa kampuni. Sheria ya siku 30 ni kwa ajili ya soko. Kampuni moja ikishuka peke yake, someni taarifa zake. Kampuni zilizoorodheshwa Kenya hulazimika kutoa onyo pale mapato yanapotarajiwa kushuka asilimia 25 au zaidi. Onyo moja si sababu ya kuuza. Maonyo miaka miwili mfululizo, gawio kusitishwa huku madeni yakiongezeka, au mkaguzi wa hesabu kuandika kwamba ana shaka kama kampuni itaendelea, ni sababu ya kutoinunua tena hata kama hesabu ya mizani inasema nunua hisa; nunueni nyingine. Na jueni kwamba hisa inaweza kufungwa kabisa: Kenya Airways ilisimamishwa kuuzwa sokoni Julai 2020 na ikarudi Januari 2025. Aliyekuwa ametegemea hisa hizo kwa karo ya 2022 hakuwa na mtu wa kumuuzia. Hii ndiyo sababu pesa yenye tarehe haikai kwenye hisa.

Hatifungani nayo ina anguko lake, ingawa halitangazwi kwenye habari. Riba za minada mipya zikipanda, bei ya karatasi ya zamani hushuka kwenye soko la upili, ambako wenye hatifungani huuziana, na anayeuza wakati huo anapata hasara halisi. Anayengoja iive analipwa mtaji wake wote. Benki Kuu ikiombwa iinunue kabla ya wakati, hutumia kiwango kilicho juu ya riba ya soko kwa pointi tatu, kwa hiyo ni mlango wa mwisho kabisa. Andikeni: hatifungani zetu hazitauzwa kabla ya kuiva, isipokuwa fungu la dharura limekwisha na wote wawili wamesaini.

Shemeji na gari lake

Sera isipotaja jamaa haitamaliza mwaka. Msiandike kwamba hamtasaidia, kwa sababu mtasaidia. Andikeni fungu la ukoo: 3,000 kwa mwezi kutoka kwenye matumizi, likijaa linatumika, likiisha ombi linangoja. Kinachotoka humo kihesabiwe kama zawadi hata mkikiita mkopo. Ombi la 300,000 leo lingemaliza karibu fungu lote la dharura, au lingewalazimu kuuza hisa nje ya ratiba, na jibu la "sera yetu haituruhusu, lakini fungu la ukoo lina kiasi hiki" ni rahisi zaidi kwa mume kulisema kwa kaka yake kuliko "mke wangu amekataa". Biashara ya jamaa ambayo kweli mnataka kushiriki isubiri ukaguzi wa Februari au Agosti, iletwe na hesabu zilizoandikwa, na isizidi asilimia 5 ya mali yote, yaani 100,000.

Ukurasa wenyewe

Hivi ndivyo unavyoweza kusomeka kwenu. Ukizidi upande mmoja wa karatasi, punguzeni.

> Sera ya uwekezaji ya familia. Imesainiwa: ____ 2026
>
> Malengo. Dharura: 340,000, MMF ya kwanza. Chuo cha mkubwa: 210,000 kila mwaka, 2031 hadi 2034, kinalipwa na hatifungani ya Agosti 2032 na riba zake zote. Uzeeni: 2042, hisa na akiba nyingine.
>
> Vikomo. Hasara tunayoikubali kwenye hisa: 250,000. Lengo la hisa: asilimia 40 ya fungu la uzeeni. Kampuni moja: asilimia 10 ya mali yote. Udhamini wa SACCO: 100,000 kwa jumla. Biashara ya jamaa: asilimia 5 ya mali yote.
>
> Mizani. Ukaguzi Februari na Agosti. Kati ya 35 na 45: gawanya akiba 40/60. Juu ya 45: akiba yote kwenye riba mpaka 40. Chini ya 35: akiba yote kwenye hisa mpaka 40. Tunauza tu kampuni iliyozidi kikomo, kwa mafungu manne, kila miezi mitatu.
>
> Anguko (asilimia 20 au zaidi). Hakuna kuuza kwa siku 30. Akiba inaendelea. Dharura, riba za chuo na mikopo havinunui hisa. Hatifungani haziuzwi kabla ya kuiva. Pato likipungua chini ya matumizi, manunuzi yanasimama.
>
> Ukoo. 3,000 kwa mwezi. Likiisha, ombi linangoja.
>
> Mabadiliko. Februari tu, kwa saini mbili, siku 30 baada ya pendekezo kuandikwa. Haibadilishwi ndani ya miezi mitatu ya anguko. Inaweza kubadilishwa mapema kwa kifo, ugonjwa mkubwa, kupoteza kazi au kuzaliwa mtoto.

Kama nyumba yenu inaepuka riba, muundo ni huohuo, ila upande wa hatifungani unajazwa na sukuk, hati za Kiislamu zisizo na riba, na mifuko ya pamoja inayofuata sharia, na hisa za benki za kawaida zinatoka.

Kipengele cha mabadiliko ndicho kitakachojaribiwa kwanza, na kwa kawaida hujaribiwa bei zikipanda. Soko likipanda asilimia 30, mtu husema lengo la 40 ni la woga na liwe 60. Mrudisheni kwenye mstari wa shilingi: je, kikomo chake cha hasara nacho kimeongezeka, au ni bei tu iliyoongezeka? Kama akiba imekua na sasa 400,000 si kitu kikubwa kwenu, Februari mnaweza kubadilisha kwa haki. Kama kilichobadilika ni bei pekee, 40 inabaki.

Nyuma ya karatasi andikeni orodha ya mahali pesa zilipo: jina la mfuko, SACCO na namba ya uanachama, broka na namba ya akaunti ya CDS, na jina la aliyeandikishwa kurithi kila sehemu. Nywila zisiandikwe. Kagueni hasa majina ya warithi kwenye SACCO na MMF, kwa sababu fomu nyingi zilijazwa kabla ya ndoa na bado zina jina la mama mzazi au kaka. Kubadilisha ni fomu ya ukurasa mmoja na nakala ya kitambulisho.